Hati za Kijerumani za chapa ya kale: njia tatu za kuzisoma kabla ya kuzitafsiri kwa Kiarabu

Hapa Tanga, na Pangani zaidi, watu wenye jamaa zao Maskati hupokea kwenye simu picha za karatasi za Kijerumani: tangazo la mnada, kipande cha gazeti, orodha ya mashamba. Jamaa wa Maskati wanataka kuzisoma kwa Kiarabu, kwa kuwa jina la babu limo ndani na ukoo unataka kulihakiki. Ukiambiwa kazi yenyewe, unadhani ni moja tu, kutoa Kijerumani na kutia Kiarabu. Kabla yake ipo kazi nyingine ambayo wengi huiruka, nayo ni kuisoma karatasi yenyewe herufi kwa herufi. Nimeona tafsiri zenye Kiarabu safi kabisa, nahau imekaa sawa, na bado marehemu kapewa jina ambalo hakuwahi kuitwa nalo.

Nalinganisha njia tatu ambazo watu wa huku hutumia: kuipa programu ya kawaida picha isome kama Kijerumani cha leo, kuipa programu iliyofundishwa chapa ya kale, na kusoma kwa macho watu wawili mkakaa pamoja. Nazungumzia maandishi yaliyochapwa tu. Fomu iliyochapwa na kujazwa kwa mkono ni jambo jingine, na nitaligusa mwishoni.

Chapa yenyewe inaitwa Fraktur. Ni zile herufi zenye pembe na mikunjo ambazo Wajerumani walichapia magazeti, sheria na vitabu vyao vingi mpaka serikali yao ilipoamuru iachwe, Januari 1941. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichochapwa kwa Kijerumani wakati wa utawala wao hapa pwani, likiwamo gazeti la Usambara-Post lililotoka Tanga hapa hapa, kimevaa sura hiyo. Msumbufu mkuu ndani yake ni herufi s. Ziko mbili. Ipo s fupi ya mviringo, na ipo s ndefu, ſ, ambayo inafanana na f kama mapacha. Tofauti yao ni kijistari: f ina mstari unaokata mti wake na kutokeza upande wa kulia, na ſ haina, au ina kinundu kidogo upande wa kushoto tu. Kwenye karatasi iliyokaa miaka 120 na kupigwa picha vibaya, kijistari hicho ndicho kitu cha kwanza kufutika.

Nitumie mfano mmoja kwa njia zote tatu. Sentensi hii sikuinakili popote. Nimeitunga kwa mtindo wa matangazo ya miaka ya 1890, ili mirathi ya ukoo wa mtu isianikwe hapa. Hivi ndivyo ingesomeka karatasini, ikinakiliwa kwa uaminifu:

```
Auf Antrag der Erben des verſtorbenen Iſſa bin Naſſor
zu Tanga wird ein Theil ſeiner Schamba mit 200 Kokospalmen
am 6. Juni d. J. öffentlich verkauft.
```

Maana yake: kwa ombi la warithi wa marehemu Issa bin Nassor wa Tanga, sehemu ya shamba lake, yenye minazi 200, itauzwa hadharani tarehe 6 Juni mwaka huu.

Njia ya kwanza ni ile ya haraka. Mtu anaelekeza kamera ya simu kwenye picha, au anaipakia kwenye kompyuta na kuchagua lugha ya Kijerumani basi. Anayetumia Tesseract, programu ya kusoma maandishi yaliyomo kwenye picha, huandika hivi:

```
tesseract tangazo.tif jibu -l deu
```

Programu iliyozoea chapa za leo haijui kwamba kuna s ndefu. Kila inapoiona, inaona f, na kile kinachotoka mara nyingi ni cha namna hii:

```
Auf Antrag der Erben des verftorbenen Jffa bin Naffor
zu Tanga wird ein Theil feiner Schamba mit 200 Kokospalmen
am 6. Juni d. J. öffentlich verkauft.
```

Tazama makosa yaliyomo, kwa sababu hayalingani uzito. La kwanza, `verftorbenen`, halina madhara. Hakuna neno kama hilo kwa Kijerumani, na yeyote anayejua lugha kidogo atasimama hapo na kujiuliza, kisha ataona kuwa ni marehemu. Kosa linalopiga kelele hujirekebisha lenyewe.

La pili ni `feiner`, nalo ndilo la kuogopwa. Karatasini imeandikwa `ſeiner`, yaani «lake», shamba la yule marehemu. Ikisomwa `feiner`, inakuwa «zuri», «la hali ya juu». Maneno yote mawili ni Kijerumani sahihi, sarufi inakubali yote mawili pale pale yalipo, na kamusi ya kompyuta haitapiga mstari mwekundu. Kiarabu kilichopaswa kuwa جزء من مزرعته, sehemu ya shamba lake, kinakuwa جزء من مزرعة جيدة, sehemu ya shamba zuri. Umiliki umeondoka kwenye hati. Ukoo ulikuwa unatafuta ushahidi kwamba shamba lile lilikuwa la babu yao, na neno lililobeba ushahidi huo ndilo limepotea, tena bila kuacha pengo.

La tatu ni jina. `Iſſa` imekuwa `Jffa` kwa sababu mbili kwa mpigo: s ndefu mbili zimesomwa f, na kwenye Fraktur I kubwa na J kubwa huchapwa kwa umbo moja. Mfasiri mwenye haraka ataandika جفّة بن نفّور, na msomaji wa Maskati atapokea mtu ambaye hayumo kwenye shajara yoyote ya ukoo, badala ya عيسى بن ناصر.

Maalim mmoja wa Ngamiani, ambaye humsomea na kumhakikia kila mtu hati za Kiarabu, alimwambia kijana aliyemletea kazi ya namna hii: «Mwanangu, kwa herufi za Kizungu f na s zenu zinafanana, mtu anaweza kushuku. Mimi nikishaandika fa, nani tena atajua ilikuwa sini?» Kijana akauliza, «Kwa hiyo Maalim, nirudi kwenye picha?» Akajibiwa, «Picha kwanza. Hayo mengine uyalete baadaye.» Naliona neno lake ni zito. Mtu anayeshika nakala ya Kijerumani yenye makosa anaweza kugundua kwamba `Naffor` ni Nassor, kwa kuwa mfanano wa herufi bado upo mbele ya macho yake. Maandishi yakishavuka kuingia Kiarabu, mfanano huo unakufa. ف na س hazifanani hata kidogo, na Kiarabu hakina herufi kubwa za kumwonyesha msomaji kwamba hili ni jina la mtu, alitilie shaka.

Kwa hiyo njia ya kwanza naipa kazi moja tu: kujua karatasi inahusu nini. Una picha nyingi, hujui ipi ni tangazo la meli, ipi ya mnada na ipi ya kodi ya nyumba. Itumie kuzichambua, halafu matokeo yake yasifike kwa mfasiri.

Njia ya pili ni programu ile ile, lakini ikiwa imepewa mafunzo ya Fraktur. Tesseract ina faili lake, `Fraktur.traineddata`, linalowekwa kwenye folda ya `script` ndani ya `tessdata`. Amri hubadilika kidogo tu:

```
tesseract tangazo.tif jibu -l script/Fraktur --psm 6
```

Hiyo `--psm 6` inaiambia programu kwamba mbele yake kuna bonge moja la maandishi. Ndiyo maana gazeti lenye safu kadhaa likatwe kwanza, kila tangazo na picha yake, la sivyo mstari wa safu hii utaunganishwa na wa safu ya pili na mnada wa Tanga utaishia na bei ya pombe Dar es Salaam.

Kwa picha nzuri, hatua hii inabadilisha kila kitu. `verſtorbenen` inatoka sawa, `ſeiner` inatoka sawa mara nyingi. Ipo tofauti kati ya faili na faili ambayo mtu aijue kabla ya kuchagua: yako yaliyofundishwa kuiandika s ndefu kama ilivyo, ſ, na yako yanayoigeuza kuwa s ya kawaida. Mimi nachagua yale yanayoibakiza. Ukiona ſ kwenye nakala, unajua programu iliona s ndefu na ikaamua hivyo, na unaweza kuhukumu uamuzi wake. Ikishageuzwa kuwa s, huna pa kushika.

Inapokwama ni kwenye mambo matatu, na yote matatu yanaangukia majina.

Kwanza ni herufi kubwa. I na J umbo lao ni moja, kwa hiyo hakuna mafunzo ya picha yatakayozitofautisha. Linaloamua ni herufi inayofuata: ikifuata konsonanti, ni I, kama `Iſſa`, `Ibrahim`, `Iſmail`. Ikifuata irabu, ni J, kama `Juſſuf` na `Jahja`. Na J ya Kijerumani husomwa y, kwa hiyo hao ni يوسف na يحيى, wala hakuna jimu hapo. Jimu yetu wao waliiandika `Dj` au `Dſch`, kama `Djuma`. R na N nazo hukaribiana sana, vivyo hivyo B na V. Kwenye neno la Kijerumani kamusi itaokoa, kwa kuwa `Berkauf` haipo na `Verkauf`, mauzo, ipo. Kwenye jina la mtu hakuna kamusi ya kuokoa. Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui aliyevuka mpaka kutoka upande wa Waingereza mwaka 1896 na kuingia kwa Wajerumani, kwa tahajia yao ni `Raſchid`. R yake ikionekana N, anapatikana `Naſchid`, na kwa Kiarabu راشد anageuka ناشد, jina linaloingia akilini kiasi kwamba hakuna atakayelishuku.

Pili ni herufi zilizotawanywa. Wachapaji wa Fraktur hawakuwa na maandishi ya mlalo ya kutilia mkazo, basi walichokifanya ni kuachanisha herufi: `I ſ ſ a  b i n  N a ſ ſ o r`. Kwenye matangazo, kinachotiliwa mkazo ni jina la mtu na mahali. Programu hukutana na herufi moja moja zilizotengana na kuzifanya maneno mafupi yasiyo na maana, au kuziruka. Kwa maneno mengine, sehemu ile ile ambayo mchapaji alitaka ionekane zaidi ndiyo inayoharibika zaidi.

Tatu ni kamusi iliyofichwa ndani ya programu. Ikitilia shaka neno, huvutia upande wa neno inalolijua, na inalolijua ni Kijerumani. `Schamba`, `Akida`, `Jumbe`, `Fraſila` na majina ya watu hayamo. Unaweza kujaribu kuizima:

```
tesseract tangazo.tif jibu2 -l script/Fraktur --psm 6 -c load_system_dawg=0 -c load_freq_dawg=0
```

Ukiizima, maneno ya Kijerumani yatachafuka kidogo na majina yatakuwa karibu zaidi na kilichopo karatasini. Mimi huendesha mara mbili, kamusi ikiwapo na isipokuwapo, na pale nakala mbili zinapotofautiana ndipo narudi kwenye picha. Ni namna rahisi ya kuifanya programu ionyeshe yenyewe mahali ilipobahatisha.

Ila yale makosa yanayotoa neno sahihi hayatajionyesha kwa namna hiyo wakati wote, kwa hiyo yatafutwe kwa kusudi. Yako machache yanayojirudia kwenye hati za huku. `fein` na `ſein`, nimeshayasema. `Haft` ni kifungo na `Haſt` ni haraka, basi mtu «aliyeondoka kwa haraka» anaweza kugeuzwa mfungwa. `reifen` ni kuiva na `reiſen` ni kusafiri, na karatasi za Bagamoyo zimejaa misafara. `Luft` ni hewa, `Luſt` ni hamu. Amri hii inakusanya mistari ya kukaguliwa kwa jicho:

```
grep -n -i -w -E 'fein(e|er|es|em|en)?|haft|luft|reifen' jibu.txt
```

Yote haya yanategemea picha. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla haijaanza. Picha iliyopita WhatsApp imebanwa, na kijistari cha f kimeyeyuka. Programu za simu zinazosafisha karatasi kuwa nyeusi na nyeupe tupu zinapendeza macho, lakini katika kuamua kila nukta iwe nyeusi au nyeupe, zinakula mistari myembamba, nazo f na ſ zinabaki kitu kimoja kweli kweli, si kwa kufanana tena. Omba faili la asili kutoka lilikoskaniwa, la kijivu au la rangi, nukta 300 kwa inchi kwa uchache, na 400 kwa maandishi madogo ya matangazo. Ukiambiwa picha hiyo ya simu ndiyo pekee iliyopo, ujue njia ya pili imeshafungwa na inabaki ya tatu. Namna ya kupima ni kukuza neno moja lenye f ya hakika, mfano `auf`, ambalo limo karibu kila sentensi. Ikiwa hata hapo huoni kijistari upande wa kulia, usitegemee kukiona kwingine.

Njia ya tatu ni watu wawili na picha moja kwenye skrini kubwa. Mmoja anajua Kijerumani na chapa hii, wa pili anajua Kiarabu na majina ya pwani. Anayesoma hutamka herufi, mwenzake huandika kama ilivyo, ſ ikiwa ſ, `Theil` ikiwa `Theil`, bila kunyoosha chochote. Ni kazi ya polepole na inachosha, wala haifai kwa gazeti zima. Kwa mistari kumi inayobeba jina na mali ya mtu, sijaona inayoishinda.

Inashinda kwa kuwa mtu anatumia kanuni ambazo programu haizitumii ipasavyo. Iliyo na nguvu kuliko zote ni hii: s ndefu haiji mwisho wa neno. Mwisho wa neno huja s ya mviringo tu. Kwa hiyo umbo lolote la namna ya f likiwa mwisho wa neno, ni f, hata kama kijistari kimefutika kabisa. `Seif` ni سيف bila ubishi. Kwenye `Juſſuf` herufi ya mwisho ni f kwa hakika, na ukiilinganisha na mbili za katikati kwenye neno hilo hilo, kwa wino ule ule, utaona tofauti kama ipo. Jina moja linakupa kipimo chake lenyewe.

Mtu pia hukumbuka kutazama mbele na nyuma. Jina la tangazo la kwanza hurudi wiki inayofuata, au hutokea mahali pengine katika chapa ya kawaida ya Kilatini, kwa kuwa wachapaji mara nyingine waliyatoa maneno ya kigeni kwenye Fraktur. Umbo moja safi linatosha kuamua yale mengine yote yaliyofifia.

Halafu kuna tahajia, na hapa mjuzi wa majina ya pwani ndiye anayefanya kazi hasa. Ukishamaliza kusoma herufi sawasawa, bado jina limeandikwa kwa sikio la Mjerumani. Chukua `Maſrui`. Programu ya njia ya kwanza itakupa `Mafrui`. Ya njia ya pili itakupa `Maſrui`, na imefanya kazi yake barabara. Mfasiri akiishia hapo ataandika مسروعي, na atakuwa amekosea bado. Kijerumani hutamka s iliyo mwanzo wa silabi, mbele ya irabu, kama z, na ndiyo maana Zanzibar kwao ni `Sanſibar` na Uzaramo ni `Uſaramo`. Masikio yao yaliposikia z yetu, mikono iliandika s hata mahali ambapo kanuni yao wenyewe haikulazimu. Mtu wa pwani akiona `Maſrui` hahitaji kanuni yoyote. Anasema Mazrui, المزروعي, na mambo yamekwisha.

Kwa hiyo s moja ya hati inaweza kusimama badala ya س, ص au ز. `ch` yao inabeba خ katika `Chamis` na `Chalfan`, na ح mwishoni mwa `Salech`, ambaye ni صالح. `Naſſor` wetu wa mfano anaweza kuwa ناصر, na hilo ndilo la kawaida, lakini makarani walimwandika hivyo hivyo na mtu wa jina نصر. Hapo kusoma kumefika mwisho wake. Uamuzi unatoka kwenye ukoo wenyewe, kwa wazee wa Pangani au wa Tanga wanaolijua jina lilivyo kwenye shajara yao. Na kama haukupatikana, tafsiri ibebe jina la Kiarabu na mbele yake, ndani ya mabano, umbo la Kilatini kama lilivyo karatasini. Wa Maskati atakuwa na kitu cha kurudia.

Nasisitiza kutonyoosha tahajia wakati wa kunakili, kwa sababu tahajia ya kale ni ushahidi pia. Kanuni mpya za Kijerumani zilikubaliwa Berlin mwaka 1901 na kuingia ofisini na shuleni mwaka 1903. Kabla yake mara nyingi sehemu ni `Theil`, bidhaa ni `Waaren`, orodha ni `Verzeichniß`. Baada yake ni `Teil`, `Waren`, `Verzeichnis`. Kipande cha gazeti kilichokatwa bila tarehe, chenye `Theil` mara kwa mara, kina uwezekano mkubwa kuwa cha kabla ya 1903, ingawa wachapaji wengine walichelewa kubadili. Linganisha na fedha: rupia ya Wajerumani iligawanywa kwa pesa 64 mpaka mwaka 1904, ndipo zikaja heller 100. Ukisoma `Theil` na `Heller` kwenye tangazo moja, simama. Aidha mchapaji alichelewa, aidha umesoma herufi vibaya.

Kwenye mfano wetu hilo lina faida ya moja kwa moja. `d. J.` ni kifupi cha «mwaka huu», na mwaka wenyewe hautajwi. Nimeshaona ikifasiriwa kama tarehe moja ya mwezi, kwa kuwa J ilionekana I na I ikadhaniwa namba ya Kirumi. Mfasiri wa Kiarabu aandike من هذه السنة, na mwaka auongeze ndani ya mabano baada tu ya kuupata kwenye kichwa cha gazeti. Kama kichwa kimekatwa, `Theil` ndiyo inayokupa kikomo cha karibu.

Sasa kuchagua. Kama una gazeti zima au mafaili mengi na unatafuta mahali jina lilipo, nenda njia ya pili, kisha tafuta kwa tahajia zote: `Iſſa`, `Issa`, `Iffa`, `Jffa`, na `Bagamojo` pamoja na `Bagamoyo`. Anayetafuta kwa tahajia sahihi peke yake hukosa yale yaliyosomwa vibaya, na hayo mara nyingi ndiyo anayoyahitaji. Ukishalipata tangazo, likate, na lile moja lipeleke njia ya tatu. Mchanganyiko huo ndio ninaoutumia kwa kazi za mirathi na ardhi, na sitoi nakala kwa mfasiri kabla kila jina, kila namba na kila `fein` na `ſein` hazijatazamwa na watu wawili kwenye picha. Kwa makala ya kawaida ya gazeti, habari za mvua au za reli ya Usambara, njia ya pili na ukaguzi wa ile `grep` vinatosha.

Pesa ikiwa ndogo, punguza kurasa, usipunguze macho. Ni bora ukoo ulipie mistari minane iliyosomwa na watu wawili kuliko kurasa themanini zilizopita kwenye simu.

Na zile fomu zilizochapwa zikajazwa kwa mkono: vichwa vyake vipitishe njia ya pili, vitatoka vizuri. Kilichoandikwa kwa kalamu kimo kwenye mwandiko wa Kurrent, ambao n na e zake ni karibu moja na u yake hutambulika kwa kijikunjo kilichowekwa juu. Faili la Fraktur halijafundishwa hata herufi yake moja. Likilazimishwa litatoa maneno, na maneno hayo yasipewe mtu yeyote wa kuyatafsiri. Hapo mtafute msomaji wa mwandiko huo, mpe picha ya kijivu ya ukurasa mzima pamoja na orodha ya majina ya ukoo kama yanavyotamkwa nyumbani.